Kitukuu, mjukuu na bibi: hatua za Erikson zinavyoshikana ndani ya nyumba moja

Anayesomea ualimu, uuguzi au ustawi wa jamii hapa Tanzania hukutana mapema na Erik Erikson, mwanasaikolojia wa hatua nane za ukuaji wa binadamu, na mara nyingi hukutana naye akiwa amebanwa ndani ya jedwali. Safu ya umri, safu ya mgogoro, safu ya kile mtu anachovuna akivuka salama. Mtoto mchanga: kuamini na kutoamini. Mzee: utimilifu na kukata tamaa. Katikati zimo hatua nyingine sita. Jedwali linakaririwa, mtihani unapita, na msomaji anabaki akidhani kwamba binadamu huzipita hatua hizo peke yake, moja baada ya nyingine, na kwamba akishaimaliza moja haimdai tena. Ukienda na dhana hiyo kwenye nyumba ya Kilolo au Makete, utaondoka bila kuelewa ulichokiona.

Erikson alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, hakumjua baba yake mzazi, akalelewa na baba wa kambo aliyekuwa daktari wa watoto. Alifundwa Vienna na mchambuzi wa nafsi Anna Freud, akahamia Marekani mwaka 1933. Huko alikaa kwa muda na wenyeji wa asili, Walakota wa Dakota Kusini na Wayurok wa California, akiangalia wanavyonyonyesha, wanavyoachisha ziwa, wanavyomfundisha mtoto kutoa na kunyimwa. Alichokiandika mwaka 1950 kina harufu ya safari hizo: kila hatua ya maisha ina shida yake, na kila jamii huwa imeiandalia shida hiyo watu wa kuibeba. Mgogoro kwake si balaa. Ni kipindi ambacho mwili, akili na matarajio ya watu vimefika mahali pamoja, na mtu hawezi kubaki alivyokuwa jana.

Tena hakuna anayeshinda moja kwa moja. Mtoto anayemwamini kila mtu bila kuchagua yuko hatarini sawa na asiyemwamini yeyote. Kinachotakiwa ni kuamini kuzidi kutoamini, huku kutoamini kidogo kukibaki kazini. Na hesabu hiyo hufunguliwa upya kila hatua inayofuata, ndiyo maana mzee wa miaka 80 anayeogeshwa na mkwe wake anarudi kwenye swali la mtoto mchanga: je, mikono hii nitaitegemea? Joan Erikson, mke wa Erik na mwenzake wa kazi, aliliongeza hilo mwaka 1997 kama hatua ya tisa, baada ya kuuona uzee mkubwa kwa macho yake mwenyewe.

Jambo ambalo jedwali haliwezi kulionyesha kabisa ni kwamba hatua za watu wa nyumba moja zimeshikana. Erikson alizifananisha na magurudumu yenye meno: la mtoto likizunguka linasukuma la mzazi, la mzazi linasukuma la babu, na likikwama moja mengine hayaendi. Mtoto anahitaji wa kumwamini wakati ambapo mtu mzima anahitaji wa kumlea. Kijana anahitaji kujua yeye ni nani wakati ambapo mzee anahitaji wa kumsimulia. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na mfano wake, wa wazi kuliko sehemu nyingi duniani. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliishi na Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930, akaeleza vijiji vilivyoundwa kwa rika. Wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakiendelea kula kwa mama zao na kulima shamba la baba. Walikua pamoja, wakaoa na kuleta wake zao palepale. Rika likifika katikati ya miaka ya thelathini, ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi uongozi na ardhi kwa kizazi cha wana. Sina haja ya kuupamba mpangilio ule, kwani ulikuwa na ukali wake na haukudumu. Ardhi ilipopungua na kahawa ilipoifanya iwe na bei, vijiji vya rika vikafa. Lakini ulikuwa na kitu kimoja ambacho nyumba nyingi za leo hazina: kila mtu alijua ni nani anamkabidhi nani, na lini.

Kwa maana makabidhiano hayo yalikatika kwa njia nyingine pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 uliikuta Njombe na Iringa zikiwa na maambukizi ya VVU kwa zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima, juu kuliko mikoa mingine yote. Nyuma ya asilimia hiyo kuna miaka ya mazishi iliyotangulia, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Waliokufa wengi walikuwa na miaka 25 hadi 45, yaani walikuwa wakiingia au wamo ndani ya hatua ya saba, ile ya kulea kizazi kinachofuata. Kizazi cha katikati kikapungua, na bibi akajikuta ameshika watoto moja kwa moja.

Nichukue kaya moja. Nimeiunganisha kutoka kaya kadhaa nilizozifahamu katika kazi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo usiitafute. Iko Kilolo, mkoani Iringa, mwendo wa bodaboda kutoka Ilula. Wanaishi watatu. Bibi ana miaka 71. Mjukuu wake wa kiume ana miaka 15, kidato cha pili kwa jina tu, maana siku za gulio yuko Ilula akipakia matenga ya nyanya kwenye fuso. Wa tatu ni kitukuu, mvulana wa miezi kumi. Mama yake, mjukuu mwingine wa bibi, ana miaka 24 na alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani mtoto alipofikisha miezi saba. Bibi amezika watoto wawili: binti yake mwaka 2002, ambaye ndiye aliyemzaa huyo aliyeko Dar, na mwanawe wa kiume mwaka 2013, baba wa yule kijana. Mama wa kijana aliolewa kwingine, upande wa Makambako.

Aliyeleta shida hii ofisini alikuwa mwalimu, na shida yenyewe aliiita utoro. Kijana ameshaitwa mhuni mbele ya darasa, na siku hizi anajiita hivyo mwenyewe huku akicheka.

Ukifika nyumbani, hata hivyo, anayekushtua ni mtoto. Bibi anakwambia kwa fahari, "Huyu mume wangu hana shida, mwanangu, hata kulia halii." Ukimpokea anakuja, mlegevu, hageuki kumtafuta bibi. Aliyekariri jedwali ataandika haraka: kutoamini. Ni haraka mno, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kadi ya kliniki. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa ilikuwa na watoto waliodumaa karibu asilimia 57, idadi ya juu kabisa nchini, katika mkoa wenye mahindi, maharage na maziwa. Mtoto asiyelia anaweza kuwa mtoto asiye na nguvu ya kulia. Kwenye kadi ya huyu, mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu alipoachishwa ziwa ghafla, na chakula chake kilikuwa uji wa mahindi mtupu, mwepesi. Kazi ya kwanza ikawa ya zahanati: kumpima kama ana utapiamlo au maradhi, kisha uji mzito wenye karanga na maziwa, yai, na mlo mdogomdogo mara nyingi kwa siku. Hakuna cha kusema juu ya nafsi ya mtoto mwenye njaa mpaka njaa iondoke.

Sababu ya pili ni mila. Mtafiti Heidi Keller alionyesha kwamba miongoni mwa Wanso wa Kamerun mtoto mtulivu, anayepokelewa na yeyote bila kelele, ndiye mtoto aliyelelewa vizuri, na mama hufanya juhudi amzoeze hivyo. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huhesabu woga kwa wageni karibu na miezi minane kuwa ndiyo dalili njema. Kwetu, ambako mtoto hubebwa na migongo mingi, kutomlilia mgeni peke yake hakuthibitishi kitu. Uangalie kitu kingine: akiumia au akishikwa na usingizi, je, kuna mtu ambaye anamtaka zaidi ya wengine? Na huyo mtu akimchukua, anatulia?

Erikson mwenyewe alitoa vipimo vya chini kabisa, visivyohitaji fomu yoyote. Alisema imani ya mtoto huonekana kwanza katika wepesi wa kula, kina cha usingizi na utulivu wa tumbo. Na ushindi wa kwanza wa mtoto katika kuishi na watu, kwa maneno yake, ni kukubali mama aondoke machoni pake bila hofu kubwa wala hasira, kwa kuwa amekwisha kuwa na uhakika ndani kwamba atarudi. Alisisitiza pia kwamba imani haitokani na wingi wa chakula au wa mapenzi bali na namna vinavyotolewa: je, vinarudi kwa mpangilio ambao mtoto anaweza kuutegemea?

Baada ya wiki kadhaa za uji mzuri, mtoto alianza kulia kwa nguvu, na bibi akadhani tumemharibu. Alipolia alitulia kwa kijana, si kwa bibi. Kijana ndiye aliyekuwa akimbeba jioni, akimwimbia upuuzi wa redioni, akimjibu kila alipobwabwaja. Bibi alimlisha kwa wakati, lakini alimlisha akiangalia mlangoni, kimya, na akimaliza alimweka mkekani. Hakuwa mkatili. Alikuwa hayupo.

Hapo ukaonekana mzunguko wote. Mtoto alikuwa na mtu wa kumwamini, lakini mtu huyo alikuwa na miaka 15, na siku za gulio alitoweka tangu alfajiri. Tukimrudisha darasani, mtoto anabaki na bibi asiyemwangalia. Tukimwacha Ilula, anapotea yeye. Utoro ulikuwa na mizizi pasipotazamwa na mwalimu.

Kijana kwanza. Hatua ya tano, utambulisho na mkanganyiko wake, ndiyo iliyompa Erikson umaarufu, na mwanasaikolojia James Marcia aliifanya ipimike mwaka 1966 kwa kuuliza mambo mawili tu. Je, umetafuta, yaani umejaribu na kulinganisha njia? Na je, umejifunga kwenye mojawapo? Majibu hayo mawili yanatoa hali nne: aliyetafuta na kujifunga, anayetafuta bado, aliyejifunga bila kutafuta, akachukua tu alichopewa, na asiyetafuta wala kujifunga. Katika mahojiano yake Marcia alikuwa na swali zuri sana: ikipatikana njia iliyo bora zaidi, ungekuwa tayari kiasi gani kuiacha hii? Anayetafuta huanza kufikiri kwa sauti. Aliyejifunga bila kutafuta hukasirika au hushangaa.

Niliuliza juu ya kazi ya matenga. Hakukasirika wala hakufikiri. "Mimi mhuni tu, Afande," alisema (waliniita afande sijui kwa nini), "baba naye ndivyo alivyokuwa." Nikamuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Hakujua. Alikuwa na miaka mitatu alipokufa, na aliambiwa ni nimonia. Alijua kwamba jina la baba halitajwi ndani ya nyumba ile, na kwenye nafasi hiyo tupu akajaza neno alilosikia mtaani.

Erikson aliiita hali hii utambulisho hasi: kijana akikosa kitu kizuri cha kuwa, huchagua kile alichoonywa asiwe, kwa sababu angalau hicho kina umbo. Kumsomesha nasaha juu ya elimu hakugusi hapo. Anachokosa ni habari, na mwenye habari ni bibi.

Sasa bibi. Hatua ya nane inaeleweka vibaya kuliko zote, kwa kuwa utimilifu husikika kama utulivu wa mzee mwenye mvi anayeota jua. Erikson alimaanisha kitu kigumu zaidi: kuyakubali maisha yako, haya moja uliyopewa, kama jambo lililolazimika kuwa hivyo na ambalo halina la kulibadilisha. Kukata tamaa ni kuona kwamba muda uliobaki hautoshi kujaribu njia nyingine. Naye alitoa onyo ambalo huwa nalikumbuka vijijini: kukata tamaa mara nyingi hakulii, hujificha nyuma ya chuki ndogondogo elfu moja. Bibi huyu aliwachukia wauguzi, mtendaji wa kijiji, wakwe, kanisa jipya na vijana wote wa siku hizi. Majirani walisema uzee umemharibu ulimi.

Kabla ya kukubali kwamba ni mgogoro wa uzee, yapo ya kuondoa njiani. Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki mbili au zaidi, mtu akikonda, akisema afadhali afe, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na unatibiwa hospitali. Akisahau njia ya kisimani au jina la mwanawe, hilo ni la daktari pia. Bibi alikuwa analala, anakula, anakumbuka hata bei ya pareto ya zamani. Alichokuwa nacho ni hesabu isiyofungwa.

Robert Butler, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kurudia mambo ya kale si dalili ya akili kuchoka. Ni kazi ya kawaida ya kuyapitia maisha yaliyopita, inayochochewa na kukaribia mwisho. Kuisaidia kunahitaji adabu fulani. Unakwenda siku zaidi ya moja. Unaanza utotoni, si kwenye jeraha. Humsahihishi, na zaidi ya yote usimfariji haraka. Ukimwambia "usijilaumu Bibi" mapema, umefunga mlango, maana umemwambia hutaki kusikia.

Siku ya tatu bibi alifika kwa binti. Mwaka 2002 aliuza debe baada ya debe la mahindi kumzungusha kwa waganga, na tangu wakati huo anaamini kwamba angempeleka hospitali mapema angepona. Hilo lilikuwa na jibu, na jibu ni mwaka: dawa za bure zilikuwa bado miaka miwili. Hospitali ingemtibu kifua na kumpunguzia maumivu, kumponya isingeweza. Nilimwambia pale aliponiuliza, si kabla. Alinyamaza sana, kisha akauliza tena, akataka nirudie mwaka.

Mwana wa kiume lilikuwa jambo jingine. Mwaka 2013 dawa zilikuwapo. Alijua mwanawe anazificha, alijua ameacha kuzimeza, na akanyamaza kwa aibu ya majirani. Hapa hakuna mwaka wa kumwokoa, na kumwambia kwamba hakukuwa na la kufanya ingekuwa uongo. Watu hudhani utimilifu ni kujiridhisha kwamba yote yalikuwa sawa. Bibi alihitaji kuitenganisha hatia isiyo yake na ile iliyo yake, kisha aone kama ya pili bado ina mtu wa kulipwa. Alikuwapo, analala chumba cha pili.

Hatukumlazimisha. Alichukua kama mwezi. Tulihakikisha kwanza kwamba kijana aliwahi kupimwa na hana maambukizi, ili habari isije na hofu nyingine. Bibi alimweleza wakiwa wawili jikoni, akimenya viazi: baba yako aliugua nini, alikuwa fundi seremala, milango ya shule yako ya msingi yeye ndiye aliyeitengeneza, na mimi nilinyamaza nilipopaswa kusema. Kijana alikasirika siku kadhaa, akalala kwa rafiki. Hilo tulilitarajia. Aliporudi alikwenda kuitazama ile milango.

Erikson aliandika kwamba watoto wenye afya hawataogopa maisha ikiwa wazee wao wana utimilifu wa kutosha kutokiogopa kifo. Ni sentensi inayovutia, na ni rahisi kuipa uzito kupita kiasi. Bibi hakugeuka malaika. Bado anamchukia mtendaji. Lakini alianza kumlisha mtoto akimtazama, kwa sababu aliacha kumwona kama mzigo mwingine atakaoushindwa. Kijana sasa yuko kwenye hali ya anayetafuta: anakwenda shule siku nyingi, na Jumamosi yuko kwa fundi seremala Ilula. Bado hajajifunga, wala hatakiwi kufanya hivyo kwa umri huo. Umaskini wa kaya uko palepale, na hakuna mazungumzo yanayoulipa.

Abaki wa nne, asiyekuwapo. Kwa jedwali, binti wa miaka 24 yuko kwenye hatua ya ukaribu na upweke: amekwisha kujijua, sasa anatafuta wa kushirikiana naye maisha. Mwanasaikolojia Carol Gilligan alilalamika mwaka 1982 kwamba mpangilio huo umepimwa kwa maisha ya wanaume, kwani kwa wanawake wengi kujijua na kuwa karibu na wengine hukua pamoja. Maisha ya huyu yanauvuruga zaidi. Alilea kabla ya kuchagua, na analala chumba cha uani kwa watu, akilea watoto wa mwingine kwa mshahara unaolipa uji wa wake.

Alipanga kurudi Desemba na kumchukua mtoto mara moja, kwa mapenzi kabisa. Tulimshauri kwa simu akae wiki mbili kwanza: siku za mwanzo amlishe mtoto, bibi akiwa pembeni, baadaye ambebe jioni pamoja na kijana, na mtoto akishalala mgongoni kwake bila kushtuka ndipo wazungumze kama anamchukua au anamwacha mpaka amalize mwaka. Na kijana aagane na mtoto waziwazi, mtoto asitolewe usiku akiwa amelala. Mwajiri amempa likizo ya siku kumi, kwa hiyo hivi sasa tunazihesabu hizo.